Je, Kila Kitu Kimekwisha Fanywa?

Yasemwa mara nyingi, hasa na vijana wetu watakao kuanza biashara ndogo, kwamba hakuna jambo jipya lililosalia. Duka la nguo lipo, la viatu lipo, kibanda cha chai kipo kila pembe. Basi yafaa nini kujisumbua? Sisi twaikataa hoja hiyo, na shahidi wetu ni kanga.

Katika karne ya 19 akina mama wa pwani walikuwa wakinunua leso, yaani vitambaa vya mraba vilivyouzwa vikiwa vimeshikana katika jora. Yasimuliwa kwamba badala ya kukatiwa moja moja walichukua leso sita, wakazikata mapande mawili ya leso tatu tatu, kisha wakayashona ubavu kwa ubavu, wakapata nguo moja pana ya kujitanda. Hakuna mwenye duka aliyewafundisha. Wenye maduka walipoliona jambo hilo ndipo walipoagiza nguo nzima iliyochapwa kwa kipimo hicho. Tazameni, ndugu: bidhaa mpya ilitoka mikononi mwa mnunuzi, baada ya kitambaa kwisha ondoka dukani.

Soko hilo nalo likajaa. Ndipo mwanzoni mwa karne ya 20 mfanya biashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla, akaanza kutia maneno katika kanga, ndivyo isemwavyo. Pindo ni lile lile na mji ni ule ule. Kilichozidi ni mstari mmoja, ulioandikwa hapo kwanza kwa herufi za Kiarabu. Lakini mwanamke mwenye kanga kumi sandukuni sasa alikuwa na sababu ya kununua ya kumi na moja, kwa kuwa zile kumi hazikusema neno alilotaka jirani yake alisome. (Na majirani, kama tujuavyo, husoma upesi.)

Bila shaka wengine waliiga. Yeye akatia alama yake, «K.H.E. – Mali ya Abdulla», ili mnunuzi aitambue kanga yake. Leo karibu kila kanga ina jina lake, na hakuna apataye faida kwa kutia maneno tu.

Kwa hiyo aingiaye katika soko lililojaa asianze kwa kutafuta kitu kisichouzwa. Atazame mnunuzi anakifanyia nini kile akinunuacho. Langoni mwa kiwanda wako wauza chai kumi. Iwapo wafanyakazi wa zamu ya usiku huimimina chai hiyo katika chupa zao ili waingie nayo, basi watakacho ni chai iliyo moto bado saa tisa ya usiku. Muuzaji wa kumi na moja na aazime chupa tano za kuhifadhi moto, aziuzie chai kwa juma moja. Wateja wakiuliza bei tu, wala wasiitaje chupa, azirudishe kwa mwenyewe, akatazame langoni tena.