Mteja Akisema "Nifuteni": Ondoa Ramani ya Kwake, Bakiza Ankara

Mteja wa Milimani akiagiza keki kwenye tovuti yako, hajazi jina na simu peke yake. Anakuandikia pia jinsi ya kufika: geti jeusi baada ya kona ya pili, piga honi mara mbili, mchana kuna mtoto na dada wa kazi tu. Keki huliwa siku moja ikaisha. Hayo maelezo ya geti hukaa kwenye tovuti yako miaka na miaka, na kila aliyewahi kupewa nywila ya tovuti anaweza kuyasoma.

Siku mteja akiandika, "Naomba mfute taarifa zangu", majibu tunayoyasikia sana ni mawili. Wengine husema, "Haiwezekani, KRA wanataka tuweke rekodi." Wengine hufuta kila kitu mara moja, ankara ikaenda na maji. Kwa maoni yetu wote wamekosea, na kosa lao ni moja: wanaichukulia oda kama kitu kimoja. Oda ina mambo mawili ndani yake, mauzo na maisha ya mtu. Mauzo yana muda wake kisheria. Maisha ya mtu hayana sababu ya kukaa kwako baada ya mzigo kufika.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 39, inakuruhusu kuweka taarifa za mtu kwa muda unaohitajika tu kwa kazi uliyozichukulia, isipokuwa kama sheria nyingine inakulazimu kuziweka zaidi. Kifungu cha 40 kinampa mteja haki ya kuomba zifutwe. Kanuni za 2021 zinakupa siku 14 kujibu ombi hilo. Na usijidanganye kwamba biashara yako ni ndogo mno. Biashara ndogo inaweza kusamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, lakini haijasamehewa kumlinda mteja.

Upande wa kodi, Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015, kifungu cha 23, inataka rekodi zikae miaka 5 tangu mwisho wa kipindi cha hesabu kinachohusika. Sheria hiyo inataka kumbukumbu za mauzo. Rangi ya geti haimo.

Tuchukue mfano

Tuseme mama mmoja aliagiza keki ya KSh 3,200 tarehe 14 Machi 2024, na mwaka wako wa hesabu uliisha 31 Desemba 2024. Tarehe 3 Juni 2025 anaandika: "Habari zenu, nimehama na sitaki anwani na namba yangu ibaki kwenu. Tafadhali nifuteni." Siku ya mwisho ya kumjibu ni 17 Juni 2025.

Kwanza, hakikisha ni yeye. Usimwombe picha ya kitambulisho, maana hapo utakuwa unakusanya taarifa mpya ili ufute za zamani. Piga ile namba iliyo kwenye oda, umuulize kama ombi ni lake. Hatua hii usiiruke, kwa sababu mtu mwingine anaweza kuomba oda isiyo yake ifutwe.

Pili, gawa. Ankara, yaani tarehe, namba yake, kilichouzwa, kiasi, na jina au PIN kama iliandikwa pale, inabaki hadi 31 Desemba 2029. Iweke kwenye faili la hesabu, nje ya tovuti. Anwani, maelekezo ya geti, namba ya simu, jina la mtoto lililoandikwa juu ya keki, na namba yake kwenye orodha ya kutumiwa ofa, vyote vinaondoka.

Tatu, fuata nyayo. Hapa ndipo wengi hukwama. Oda moja ya tovuti huzaa nakala nyingi: arifa iliyoingia kwenye barua pepe ya duka, ujumbe wa WhatsApp aliotumiwa mtu wa boda, na jedwali la Excel la safari za siku. Ukifuta kwenye tovuti peke yake, mteja bado yumo kwenye simu ya boda. Sheria inakutaka umjulishe pia uliyempa taarifa hizo, kwa hiyo mwambie afute ule ujumbe.

Kama tovuti yako inatumia WordPress na WooCommerce, kuna kifaa cha kazi hii kwenye `Tools > Erase Personal Data`. Lakini hakigusi oda mpaka uwe umeweka alama kwenye `Remove personal data from orders on request`, ndani ya `WooCommerce > Settings > Accounts & Privacy`. Hifadhi ankara kabla ya kukibonyeza, kwa sababu jina litatoka kwenye oda. Ukimaliza, tafuta barua pepe na namba ya mteja kwenye tovuti na kwenye kikasha cha barua. Kama bado zinatokea, kazi haijaisha.

Nne, mjibu kwa ukweli: "Habari mama. Tumefuta anwani, simu na maelekezo yako, na mtu wetu wa boda pia amefuta. Ankara ya keki tutaiweka hadi 31 Desemba 2029 kwa ajili ya kodi, kisha nayo itafutwa." Usimwambie "tumefuta kila kitu" kama si kweli.

Wala usimwahidi kwamba rekodi ya malipo ya simu itafutika. Hiyo iko kwetu sisi kampuni za malipo, na sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha inatutaka tuiweke angalau miaka 7. Ombi lako au lake haliwezi kuibadilisha.

Palipo na kesi, subiri

Kuna wakati kufuta si sawa. Kama mteja huyo anadai keki haikufika na anataka pesa zake, maelekezo na ujumbe wa boda ni ushahidi. Sheria inakuruhusu kuuhifadhi, ila uufungie: usiutumie kwa jambo jingine lolote, na umweleze mteja sababu. Mzozo ukiisha, futa.

Usingoje kuombwa

Maulizo ya bei yasiyozaa oda ndiyo yanayojaa zaidi, na hayana kodi wala ankara nyuma yake. Sheria haitaji idadi ya siku. Sisi tungeweka 90: aliyeuliza bei ya keki ya harusi na hajarudi kwa miezi mitatu, ameshapata pengine. Oda zilizokamilika, ondoa maelekezo ya nyumba siku 30 baada ya mzigo kufika. Muda huo unatosha kwa malalamiko mengi. Ukurasa uleule wa `Accounts & Privacy` una sehemu ya kupanga muda wa oda zilizoghairiwa na zilizokwama, zijiondoe zenyewe. Fomu ya maulizo kwa kawaida haimo, kwa hiyo panga siku moja ya mwezi uisafishe kwa mkono.

Mwisho, nakala ya akiba. Tovuti ikiharibika, fundi akairudisha kutoka nakala ya wiki tatu nyuma, yule mama atarudi mzimamzima, geti na mtoto. Weka daftari dogo lenye namba ya oda na tarehe ya kufuta tu, bila jina, ili kila tovuti inaporudishwa, ufute tena waliokwisha kuomba. Nakala zenyewe zisikae zaidi ya siku 30.

Watu wa mtaani wanakupa njia ya kufika mlangoni kwao kwa sababu wanataka mzigo. Ukishaufikisha, hiyo njia si mali yako tena.