Siombua si Syombua

Ukisikia mdogo wako akiitwa "Siombua" darasani hapa Athi River, usinyamaze tu. Jina lake ni Syombua, aliyezaliwa wakati wa mvua. Kwa Kikamba mvua ni mbua. Mji wetu wa viwanda una watu wa kila kabila, na huenda mwalimu hajawahi kulisikia. Basi mwandikie kikaratasi, bila hasira:

"Mwalimu, habari. Naomba kwenye rejista uandike Syombua, kwa y, kama ilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Nakala hii hapa. Husomwa Syo-mbu-a, silabi tatu. Asante."

Hiyo si kitu kidogo. Kosa la rejista linaweza kumfuata mtoto hadi kwenye orodha ya mtihani wa KNEC. Cheti kikishachapishwa, kurekebisha jina ni kulipa na kungoja. Leo ni kalamu ya mwalimu tu.