q Sio Utabiri, Jamani

Wanachuo wenzangu, darasani tunaanzishwa mahali pasipo sahihi. Fomula ya q inaandikwa ubaoni, tunaikariri, na swali la msingi linabaki bila jibu: kwa nini uwezekano halisi wa hisa kupanda hauingii kwenye bei ya opsheni?

Tuchukue hisa ya shilingi 1,000. Baada ya mwaka itakuwa ama 1,200 ama 840. Riba ni asilimia 5. Opsheni ya Kiulaya inakupa haki ya kuinunua hisa hiyo mwisho wa mwaka, sio kabla, kwa 1,020. Ikipanda, opsheni inalipa 180, ikishuka, sifuri.

Sasa nunua nusu hisa kwa 500, na kati ya hizo 400 ziwe za mkopo. Mfukoni umetoa 100 tu. Mwisho wa mwaka unadaiwa 420. Hisa ikipanda, nusu yako ni 600, unalipa deni, unabaki na 180. Ikishuka, nusu ni 420, deni linameza yote. Malipo ni yaleyale ya opsheni, kwa hiyo bei nayo ni 100. (Nusu hisa haiuzwi? Fanya opsheni 100 kwa hisa 50.)

Mtu atasema: “Lakini mimi naamini itapanda kwa asilimia 80!” Anazidisha 0.8 kwa 180, anagawa kwa 1.05, anapata kama 137. Mpe opsheni kwa bei hiyo, tumia 100 kujenga mfuko ule wa nusu hisa na mkopo, na 37 ni zako hisa iende itakako. Kosa lake ni kugawa kwa 1.05. Kwa imani yake mwenyewe, opsheni ya 100 inatarajiwa kulipa 144, yaani faida ya asilimia 44, maana ni hisa iliyobebwa na mkopo mkubwa. Riba ya benki haitoshi kupima hatari hiyo.

Na q je? Ni uzito unaofanya hisa yenyewe ikue kwa riba tu: (1,050 − 840) / (1,200 − 840), yaani 7/12. Zidisha kwa 180, gawa kwa 1.05: 100 ileile. Ni njia ya mkato ya hesabu ya mfuko, wala haisemi lolote kuhusu kesho.

Ukiujua mfuko, unajua pia njia ya mkato inapokatika. Ongeza hali ya tatu, hisa ibaki 1,000: mfuko unakuachia 80, opsheni hailipi kitu. Uigaji umevunjika, na q moja haipo tena.

Kwa hiyo rai yangu kwa wahadhiri: mfuko kwanza, q baadaye. Na kwenye mtihani, tuulizeni tuujenge.