Usiniambie unadai ngapi, niambie tangu lini

Kwa maduka mengi ya mtaa kuna karatasi imebandikwa: hakuna deni leo, kuja kesho. Kichekesho ni kwamba mwenye duka mwenyewe amekopa. Unga, sukari, mafuta na sabuni, vyote vimetoka kwa holsela na vitalipwa baada ya wiki 2. Leo naongea na huyo holsela, ama na mtoto wake anayeshikilia daftari ya biashara ya familia.

Maoni yangu ni haya: ile jumla ya deni unayoandika chini ya ukurasa inakudanganya. Kile kitu kinafaa kukutoa usingizini ni umri wa deni.

Tuchukue maholsela 2 wa kubuni, wote wanakopesha kwa siku 14. Kila mmoja alianza mwezi akidai 300,000, akauza kwa mkopo bidhaa za 600,000, na mwezi ukaisha bado anadai 300,000. Maanake kila mmoja alikusanya 600,000. Wako sawa, si ndio?

Zii. Panga hayo madeni kwa umri. Wa kwanza ana 250,000 ambazo siku yake ya kulipwa haijafika. Zilizochelewa hadi wiki 2 ni 30,000, zilizochelewa wiki 2 hadi mwezi ni 15,000, na zilizopita mwezi ni 5,000 pekee. Wa pili ana 120,000 ambazo siku yake haijafika, halafu 60,000, 40,000, na 80,000 zimepita mwezi. Wateja wake wa sasa wanalipa haraka, lakini kuna wengine walipotea na pesa yake.

Sasa pima ukusanyaji. Deni la kuanza mwezi ukijumlisha na mauzo ya mkopo ni 900,000. Toa zile siku yake haijafika, kwa sababu hizo huwezi kumdai mtu bado. Wa kwanza angeweza kukusanya 650,000, na amekusanya 600,000, yaani asilimia 92. Wa pili angeweza kukusanya 780,000, na 600,000 ni asilimia 77. Jumla ni ile ile, pesa iliyoingia ni ile ile, lakini hizi ni biashara 2 tofauti kabisa.

Na hizo 80,000 si mchezo. Tuseme kwa kila bob 100 za mauzo unabaki na faida ya bob 4. Zikipotea, itabidi uuze bidhaa za milioni 2 ndio faida irudishe hiyo shimo. Kwa mtu anayeuza 600,000 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya miezi 3 ya kubeba magunia bure.

Lakini chunga, hii asilimia pia inaweza kupikwa. Holsela wa pili akifuta zile 80,000 kwa daftari, deni la mwisho linashuka hadi 220,000, na hesabu inaonyesha "amekusanya" 680,000. Ghafla amefika asilimia 87, na hakuna mtu amelipa hata bob. Kwa hivyo deni ulilofuta liandike kando, lisihesabiwe kama pesa imeingia.

Mahali wengi wanakosea ni kukimbizana na deni kongwe kwanza kwa sababu ndilo linauma. Mimi naona simu ya kwanza ya asubuhi iende kwa aliyechelewa siku 3. Huyo bado ana stoki yako kwa rafu, bado anauza, na bado anakuhitaji. Aliyepita mwezi huenda pesa yako ishalipa kodi ya nyumba ama ada ya shule. Mpangie alipe kidogo kidogo kila wiki, uandike, na usimtegemee kulipa mshahara wa mtu.

Kosa lingine ni kumfukuza mwenye deni: "Usikanyage hapa kama hujalipa." Atafanya nini? Ataenda kwa holsela wa pili yake na kununua kwa pesa taslimu, kwa pesa ambayo ingekuwa yako. Afadhali umwambie mkopo umefungwa, lakini kwa taslimu karibu, bei ni ile ile, na kila akija aongeze kitu kidogo kwa deni la zamani. Hivyo anaendelea kupita mlangoni pako.

Dalili huja mapema ukiangalia. Mtu aliyekuwa anachukua mzigo kila Jumatatu akianza kuruka wiki, na ako na deni, usingoje siku 14 ziishe. Mpitie dukani uone rafu. Rafu ikiwa imejaa bidhaa za holsela mwingine, hapo ushajua pesa yake inaenda wapi.