Ahadi ya karafuu si pesa ya mchele

Kamati nyingi za harusi hapa Pemba hujumlisha ahadi, kisha hukopa mchele dukani kwa jumla hiyo. Mimi siafiki. Tuseme ahadi ni shilingi 900,000, zilizopokewa 620,000, zilizotumika 585,000. Mkononi ziwepo 35,000. Zile 280,000 zinangoja watu wavune karafuu wauzie ZSTC, na mwenye duka hangoji msimu. Mkihesabu mkakuta 20,000 tu, tafuteni kwanza nauli ya gari na makato ya kutolea pesa kwenye simu, kabla ya kumshuku mshika fedha. Aliyeleta nazi badala ya fedha, bei yake iandikwe kwenye mapato na kwenye matumizi pia. La sivyo ataonekana bado anadaiwa.