Mzigo wa Mwenzako, Mashitaka Yako

KILA siku katika kituo cha Rusumo, wilayani Ngara, watu huvuka daraja la Mto Kagera kwenda Rwanda na wengine kurudi. Wapo madereva wa malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam, makondakta wa mabasi, akina mama wafanyao biashara ndogo ndogo, na vijana waendao kutafuta kazi. Karibu kila mmoja wao amewahi kuombwa jambo moja: "Ndugu yangu, kwa kuwa unakwenda huko, nibebee kifurushi hiki. Yupo mtu atakupokea."

Ombi hilo limejengwa juu ya desturi njema. Katika vijiji vya Ngara na Biharamulo, ambako ndugu wengi wametawanyika pande zote mbili za mpaka, mtu anayekataa kubeba mzigo wa jirani huonekana mchoyo. Walanguzi wa dawa za kulevya wanaifahamu vizuri desturi hiyo, na ndiyo wanayoitumia. Mwenye mali hubaki nyuma na fedha zake. Anayevuka daraja ni mnyonge mwenye nauli ya kuhesabu, na mali hiyo ikikamatwa, yeye ndiye anayesimama kizimbani akisema neno moja: "Sikujua."

Hapana budi wananchi waelewe kwa nini neno hilo, peke yake, halimwokoi mtu.

Jambo la kwanza ni maana ya kosa lenyewe. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Namba 5 ya mwaka 2015, haimtafuti mwenye mali pekee. Katika sheria hiyo, kosa la kusafirisha dawa za kulevya limepewa maana pana: kuingiza nchini, kutoa nje, kununua, kuuza, kutoa bure, kuhifadhi, kumiliki, kuchukua kutoka mahali hadi mahali, na kumfikishia mtu mwingine. Kwa hiyo anayesema, "Mzigo si wangu, mimi nilikuwa ninaupeleka tu," hajajitetea hata kidogo. Amekwisha kukiri sehemu ya kitendo anachoshitakiwa nacho, na kinachobaki kuulizwa ni kama alijua alichokuwa anakipeleka.

Hapo ndipo penye uzito. Ujuzi umo kichwani mwa mtu, na hakuna askari awezaye kuufungua moyo wa msafiri kama afunguavyo begi. Ndiyo maana Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988 dhidi ya biashara haramu ya dawa za kulevya unaeleza kwamba ujuzi na nia vinaweza kutambuliwa kutokana na mazingira yanayoonekana. Mahakama ya Rufani ya Tanzania nayo ilikwisha kueleza mwaka 1987 kwamba ili mtu ahesabiwe kuwa na kitu mikononi mwake, lazima ithibitike kwamba alifahamu kuwapo kwake na alikuwa na mamlaka juu yake, au kwamba kililetwa kwa mpango wake. Lakini Mahakama hiyo iliongeza jambo ambalo wasafiri wengi hawalifahamu: kule kukutwa na kitu, kwa kawaida, kunaashiria kwamba mtu anakijua na anakimiliki. Basi aliyekutwa na mzigo huanza safari ya kesi akiwa na jambo la kueleza, na maelezo yake hupimwa kwa matendo yake.

Chukua mfano wa wasafiri wawili, waliotungwa kwa ajili ya kueleza jambo hili. Kila mmoja amepanda basi Lusahunga, wilayani Biharamulo, akiwa na kiroba cha dagaa alichopewa na mtu anayemfahamu kidogo. Katika kila kiroba, chini ya dagaa, zimefichwa pakiti za bangi iliyoshindiliwa na kufungwa kwa nailoni na gundi. Dagaa wamewekwa kwa sababu harufu yao ni kali na hufunika harufu nyingine. Basi linasimamishwa kabla ya kufika darajani, na askari wanaanza upekuzi.

Msafiri wa kwanza anaulizwa kiroba ni cha nani. Anajibu, "Si changu, sijui ni cha nani." Abiria wa jirani anasema alimwona akikipandisha. Ndipo anapobadili kauli na kusema amepewa na rafiki. Jina kamili la rafiki huyo halijui, wala mahali anapoishi. Atakayekipokea hamjui pia. Ameambiwa tu kwamba atapigiwa simu akifika. Ujira aliolipwa unazidi thamani ya dagaa wote waliomo. Mwenye dagaa alikuwa tayari kulipa zaidi ya bei ya dagaa ili dagaa wavuke, na msafiri hakuuliza kwa nini.

Msafiri wa pili anajibu swali hilo hilo mara moja: mzigo ameubeba yeye, amepewa na mtu fulani mwenye duka mahali fulani, na hii hapa namba yake ya simu na ujumbe walioandikiana. Alimwaga dagaa wa juu mbele ya mwenye mali akatazama, lakini hakufika chini. Hakulipwa chochote. Askari wakimtaka awapeleke kwa aliyempa mzigo, anakubali, na mtu huyo anapatikana.

Wote wawili watakamatwa. Wote wataandikiwa hati ya ukamataji mbele ya shahidi, pakiti zitafungwa kwa lakiri na kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na wote huenda wakalala mahabusu. Pakiti zao ni za namna moja. Lakini mbele ya hakimu au jaji kesi zao hazifanani. Kwa msafiri wa kwanza, upande wa mashitaka una uongo wake wa mwanzo, ujira usio na maelezo, mtumaji asiyejulikana na mpokeaji asiye na jina. Kila kimoja kikitazamwa peke yake ni kidogo. Vikiwekwa pamoja vinaonyesha mtu aliyejua, au aliyeshuku na kuchagua kutouliza. Mtu hawezi kuzima taa kwa mkono wake kisha akalalamikia giza. Kwa msafiri wa pili, yale aliyoyasema tangu dakika ya kwanza yanaweza kuchunguzwa, na yakichunguzwa yanaonekana kuwa kweli. Huyo anayo nafasi ya kuaminiwa, ingawa hana hakika ya kuaminiwa, na huenda akaipata nafasi hiyo baada ya kukaa rumande kwa muda mrefu.

Muda huo nao ni sehemu ya gharama. Kwa uzito unaozidi viwango vilivyowekwa, sheria hairuhusu dhamana katika kosa la kusafirisha. Uchunguzi wa Mkemia, kibali cha mashitaka na zamu ya kesi vyote husubiriwa mtu akiwa ndani. Na adhabu, tangu mabadiliko ya mwaka 2017, imewekwa juu sana: kifungo kinachofika miaka 30 kwa viwango vya chini, na kifungo cha maisha kwa viwango vya juu. Ujira wa kubeba kiroba hauna kipimo cha kulinganishwa na hayo.

Rusumo ina hatari yake ya pekee. Tangu Aprili 2016, Marais wa Tanzania na Rwanda walipozindua daraja jipya na kituo cha huduma kwa pamoja, maofisa wa nchi hizi mbili hufanya kazi bega kwa bega. Msafiri aendaye Rwanda humaliza taratibu za kutoka na za kuingia mahali pamoja, ng'ambo ya mto. Huduma hiyo imepunguza usumbufu mwingi. Lakini msafiri aliyebeba asichokijua aelewe kwamba hatua chache kutoka meza moja hadi nyingine zinamtoa katika sheria ya nchi moja na kumwingiza katika sheria ya nchi nyingine. Katika Rwanda, sheria ya adhabu ya mwaka 2018 na orodha ya dawa iliyotolewa mwaka 2019 zimeiweka bangi katika daraja la juu kabisa pamoja na heroini na kokeini, na anayeisafirisha anaweza kufungwa maisha. Hata pombe ya kanyanga, ambayo kwa watu wengine ni kinywaji cha vilabuni tu, imo katika orodha hiyo, ingawa katika daraja la chini. Ni hivyo pia kwa wanaotoka kaskazini: mirungi ambayo Kenya ni zao halali la biashara, Tanzania ni dawa ya kulevya. Mtu anaweza kupakia mzigo halali asubuhi na kuwa mhalifu jioni bila mzigo huo kubadilika.

Hata hivyo, haki ina upande wa pili nao lazima usemwe. Kukutwa na mzigo si mwisho wa kesi. Ni wajibu wa upande wa mashitaka kuthibitisha kwamba kilichokamatwa ndicho kilichopimwa na ndicho kilicholetwa mahakamani, bila mkono usiojulikana kukipitia njiani. Aidha, mchukuzi anapotaja jina na namba ya simu ya aliyemtuma, wapelelezi wafuate nyayo hizo siku ile ile, kabla simu haijazimwa. Kesi inayoishia kwa mchukuzi inamwacha mlanguzi huru kumtafuta mchukuzi mwingine katika stendi ile ile. Makampuni ya mabasi nayo yaache tabia ya kupokea vifurushi kwa jina moja na namba ya simu isiyohakikiwa. Kitambulisho cha mtumaji kiandikwe, na kifurushi kifungwe mbele ya karani, kwani bila hivyo kondakta ndiye anayegeuka mwenye mali machoni pa sheria.

Kwa msafiri mwenyewe, kanuni ni fupi. Asibebe kitu ambacho hakukiona kikifungwa. Mwenye mzigo wa kweli hatachukia ukifunguliwa hadi chini na kupangwa upya mbele yake. Anayekasirika, anayeharakisha, au anayeongeza ujira badala ya kufungua, amekwisha kujibu swali. Akishuku akiwa njiani, asiutupe mzigo wala kumsukumia abiria mwingine, kwa kuwa matendo hayo yatasomwa kama dalili za kujua. Atoe taarifa kwa askari kabla ya kupekuliwa, au apige simu 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Na akiulizwa mzigo ni wa nani, aseme kweli tangu neno la kwanza.

Undugu wa watu wa mpakani utadumu, na mizigo halali itaendelea kuvuka Kagera. Lakini ndugu wa kweli hamfichi nduguye kilichomo ndani ya kiroba. Anayeficha amemchagua nduguye afungwe badala yake.