Hewa Haitoki Mapafuni Peke Yake

Muhula uliopita, katika darasa la fonetiki, mhadhiri alituchezea sauti ya mzee akizungumza Kisandawe. Darasa zima lilicheka, nasi tukacheka nalo. Kisha mmoja wetu akauliza: "Sasa huyu anapumua saa ngapi?" Swali lile ndilo lililotufanya tuandike makala haya, kwa sababu lilionyesha kwamba hatujui vidoko ni nini. Baada ya kulifuatilia tuligundua jambo la pili lililotuuma zaidi: hatujui hata b ya bibi zetu.

Tuanze na hilo swali la kupumua. Sauti nyingi tunazozitumia huendeshwa na mapafu. Hewa hupanda kutoka kifuani, hupita kwenye zoloto, na njiani ulimi au midomo huizuia au kuibana. Kidoko hakifuati njia hiyo. Sehemu ya nyuma ya ulimi hupanda na kuziba kwenye kaakaa laini, pale pale tunapotamkia k. Ncha ya ulimi nayo huziba mbele, kwa mfano nyuma ya meno. Katikati hubaki kijifuko kidogo cha hewa kilichofungwa pande zote. Kisha sehemu ya kati ya ulimi hushuka, kijifuko kinapanuka, na hewa iliyomo inakuwa nyepesi kuliko ya nje. Ncha inapoachia, hewa ya nje huingia kwa kishindo, na huo ndio mlio tunaousikia. Mapafu hayakuhusika. Aliyedhani kwamba msemaji anavuta pumzi alikosea, kwa kuwa hewa iliyoingia imeishia mdomoni.

Kila msomaji anaweza kulithibitisha hili. Anza kutamka ng' ya ng'ombe na uiendeleze bila kukata: ng'ng'ng'. Huku ukiendelea, piga kidoko mara kumi kwa ncha ya ulimi. Mlio wa puani haukatiki hata kidogo. Sababu ni kwamba ng' imekwisha kuziba nyuma ya mdomo, na hewa ya mapafu inapita puani kama kawaida. Injini mbili zinafanya kazi kwa wakati mmoja, na hicho ulichokitamka kina jina: ni kidoko cha nazali, konsonanti kamili katika lugha kadhaa. Basi jibu la swali la mwenzetu ni kwamba yule mzee alikuwa anapumua muda wote.

Tena, mkondo huu si mgeni kwetu. Nani hajawahi kusonywa na shangazi? Msonyo hufanywa kwa ulimi ule ule uliobana nyuma na kuvuta hewa mbele, ila unaachia polepole badala ya kupasuka. Tofauti ni kwamba kwetu msonyo ni dharau inayojitegemea, hauingii ndani ya neno. Katika Kisandawe, kinachosemwa mkoani Dodoma, na Kihadza, kando ya Ziwa Eyasi, vidoko ni konsonanti kama t na k, na ukikosea kidoko umesema neno jingine. Hata ndugu wa Kibantu wanavyo. Kizulu, kilichovipokea kutoka kwa majirani wake wa Kikhoisan, huviandika kwa herufi c, q na x. Yai ni iqanda, mayai ni amaqanda. Ngeli tunaitambua mara moja. Kilichotushinda ni q tu.

Sasa tufike nyumbani zaidi. Bara kidogo kutoka Lamu, upande wa Mto Tana, kuna lugha ya Kikushi iitwayo Kidahalo. Wazungumzaji wake ni mia chache tu. Ina vidoko vya menoni, vyote vya nazali, katika maneno 40 hivi. Pia ina sauti zinazosukumwa nje na zoloto: nyuzi za sauti hujifunga, zoloto hupanda kama pistoni, na hewa iliyo juu yake hutoka kwa nguvu. Na ina sauti za kinyume chake, ambapo zoloto hushuka. Ukijumlisha na hewa ya mapafu, lugha moja ndogo imetumia mikondo yote.

Hizo sauti za zoloto kushuka ndizo zilizotugusa, maana Kiswahili cha pwani kinazo. Ni b, d, j na g. Chukua neno bamba. Kwa msemaji wa Unguja au Mombasa, b ya kwanza si sawa na ya pili. Ya kwanza hutamkwa huku zoloto likishuka na nyuzi za sauti zikitetemeka. Ya pili, kwa kuwa imetanguliwa na m, ni ya mapafu tu. Sikiliza vilevile gonga na dunda.

Namna ya kujua ni rahisi. Weka kidole kooni unaposema baba. Kwa mama mmoja wa pwani aliyekubali kutusaidia, koo lilishuka waziwazi. Kwetu sisi lilitulia. Tulirekodi pia na kutazama mawimbi katika Praat. Kwake, sauti iliyotangulia kufunguka kwa midomo ilikuwa ikikua. Kwetu ilikuwa ikififia, na kwa wengine haikuwapo kabisa, kama ilivyo kawaida ya b ya Kiingereza mwanzoni mwa neno. Mwenzetu mmoja huambiwa na bibi yake kwamba anasema vizuri ila "kama mtu wa redio." Alidhani ni lahaja. Kumbe ni zoloto.

Kosa la kwanza tulilofanya katika kuiga lilikuwa kuvuta pumzi kwa mapafu, tukatoa sauti ya mtu aliyeshtuka. Hewa inayoingia katika b hii ni kidogo mno, na mara nyingine hakuna, kwa kuwa hewa ya mapafu inaendelea kupanda kidogo ili nyuzi zitetemeke. Kazi ni kushusha zoloto, si kuvuta pumzi. Kilichotusaidia ni kufunga midomo, kuanza kuguna, na kushusha koo kama anayepiga mwayo, kisha kuachia.

Tunajua pingamizi litakalokuja. Hakuna maneno mawili ya Kiswahili yanayotofautishwa na b hizi mbili peke yake, na wasemaji wengi wa bara hutamka b ya mapafu bila kupungukiwa na kitu. Ni kweli, na hatuombi mtu akatwe alama. Tunachopinga ni karatasi ya matamshi tunayopewa mwaka wa kwanza, isemayo kwamba b na d ni "kama za Kiingereza." Kwa lahaja za pwani, ambazo ndizo msingi wa Kiswahili sanifu, maneno hayo si sahihi. Mwanafunzi aliyelelewa akiisikia sauti hii jikoni anaambiwa darasani kwamba haipo.

Tunapendekeza mambo mawili. Karatasi hiyo irekebishwe, na wiki ya kwanza ya matamshi ianze na ng', kidoko, na kidole kooni, kabla ya orodha ya konsonanti. Somo hilo halizidi nusu saa. Halafu tuchezewe tena ile sauti ya mzee wa Kisandawe, tumsikilize bila kucheka.